Mtumishi Aliyetumbukia Korongoni



Kwenye misiba yetu kuna maneno ambayo hayakosi. Mtu akifiwa na mtoto, watu wataingia mmoja mmoja, watakaa mkekani, watamshika mkono mfiwa na kumwambia: kazi ya Mungu haina makosa. Mwingine atasema Mungu amempenda zaidi. Mfiwa ataitikia kwa kichwa. Ni maneno ya heshima, na mara nyingi anayeyasema hana jingine la kusema. Lakini ukiyachukua kama hoja, usiyachukue kama salamu, utaona yanajaribu kujibu swali zito: kama Mungu ni mwema, na anajua, na anaweza, kwa nini aliliacha hili litokee? Wanafalsafa wamelijibu kwa hoja. Wahubiri wamelijibu kwa lawama, kwamba tumetenda dhambi na sasa tunalipa. Leo nataka tuzungumze juu ya watu wa namna ya tatu, wale wanaosema hawakulifikiria jibu, walionyeshwa. Waislamu wana masufi wao, Wayahudi wana watu wa Kabala, Wakristo wana watu wa maono. Wako wengi, na muda wetu ni mfupi, kwa hiyo nimemchagua mmoja. Nimemchagua kwa sababu alipopewa jibu hakuridhika nalo, akaendelea kulichimba kwa miaka 20.

Anaitwa Juliana wa Norwich. Huenda hata jina hilo si lake la kuzaliwa, maana kanisa alilokuja kuishi ubavuni mwake lilikuwa la Mtakatifu Juliani. Norwich ni mji wa mashariki ya Uingereza, na zama hizo ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya nchi ile, mji wa watu wa sufu na biashara. Juliana alizaliwa mwishoni mwa mwaka 1342. Alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, mwaka 1349, tauni iliingia Norwich. Wanahistoria wengi wanakadiria kwamba tauni ile iliua kati ya theluthi moja na nusu ya watu wote wa Uingereza. Ikarudi mwaka 1361, ikarudi tena 1369. Kabla hajafika miaka 30, mwanamke huyu alikuwa ameshapita katikati ya tauni mara tatu.

Wakubwa wa dini hawakuwa na shaka juu ya sababu. Askofu mkuu wa York, William Zouche, aliandika barua Julai 1348, kabla ugonjwa haujafika kwao kaskazini, akieleza kwamba balaa hilo linatoka katika dhambi za watu ambao wakati wa neema husahau aliyewaneemesha. Mwaka uliofuata wanaume kutoka ng'ambo ya bahari walionekana katika mitaa ya London wakiandamana na kujichapa mijeledi yenye mafundo mpaka damu ikatoka, ili Mungu apoe hasira. Hayo ndiyo maelezo aliyokulia Juliana: Mungu amekasirika, maumivu ni bakora, na ukubwa wa bakora ni kipimo cha ukubwa wa kosa.

Hapa niseme jambo moja la ajabu juu ya kitabu chake. Kina sura 86, kinazungumzia maumivu karibu mwanzo hadi mwisho, na hakitaji tauni hata mara moja. Sijui kama alinyamaza kwa sababu ilikuwa mbichi mno au kwa sababu kila msomaji wake alikuwa nayo tayari kichwani. Ninachoona ni kwamba swali la tauni limo katika kila ukurasa, ila limeulizwa bila kutaja ugonjwa.

Mei 1373, akiwa na miaka 30 na nusu, aliugua. Siku tatu mchana na usiku alikuwa hoi, na usiku wa nne akapewa sakramenti za mwisho. Akaendelea kuvuta pumzi siku mbili zaidi, kisha mwili wake ukafa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini. Wakamwita padri. Padri akamwekea msalaba mbele ya macho na kumwambia autazame, upate kumfariji. Yeye alikuwa amekaza macho juu, mbinguni, akaona hakuna haja ya kuyahamisha, lakini akakubali, kwa sababu kutazama mbele kulikuwa kwepesi kuliko kutazama juu. Chumba kikawa giza, ila msalaba ulibaki na mwanga. Mara maumivu yakamtoka yote. Ndipo akaona damu ikichuruzika kutoka chini ya taji la miiba. Tangu alfajiri hadi alasiri aliona maono 15, na la 16 usiku uliofuata. Mama yake, aliyekuwa kando ya kitanda, alinyoosha mkono kumfumba macho akidhani mwanawe amekwisha kufa.

Yeye mwenyewe hakuamini mara moja. Siku ile ile maumivu yalipomrudia, mtawa mmoja alikuja kumjulia hali. Juliana akamwambia kwamba siku ile ameweweseka vibaya. Yule mtawa akaangua kicheko. Juliana akaongeza kwamba aliona msalaba ukitoka damu, na mara kicheko kikakatika, uso wa mtu ukabadilika. Juliana anasema aliona aibu kubwa: huyu amelichukua kwa uzito neno ambalo mimi niliyeliona nimeliita maweweseko. Kisa hicho kidogo kinanifanya nimsikilize zaidi. Mtu wa maono anayekiri kwamba aliyatilia shaka maono yake ana haki ya kusikilizwa kuliko yule asiyetikisika.

Tuseme pia linalomwendea kinyume. Alipokuwa msichana alimwomba Mungu ampe ugonjwa mkali atakapofika miaka 30, ugonjwa ambao yeye na wote wanaomzunguka wadhani atakufa, ili atakasike na aishi vizuri zaidi baadaye. Sisi wa leo tunashangaa. Lakini tulikumbuke, maana lina uzito katika hukumu yetu: maumivu yake aliyaomba. Mtoto wa Norwich aliyevimba mitoki mwaka 1361 hakuomba kitu.

Sasa niingie katika maono yenyewe, na nitachukua matatu tu.

La kwanza ni lile analoliita la saba. Mara alijazwa raha ya kiroho, utulivu mkubwa kiasi kwamba hakuna kitu duniani ambacho kingemsumbua. Raha ile haikukaa. Ikaondoka, akabaki na uzito na kuchoka na maisha yake, akijichukia, asiweze hata kuvumilia kuishi. Kisha raha ikarudi. Kisha uzito. Raha, uzito, raha, uzito, anasema kama mara 20, vikipokezana. Na sasa sikiliza anachokitoa hapo. Anasema muda ulikuwa mfupi mno kwa yeye kuwa ametenda dhambi ya kustahili kila uzito, na vilevile hakutenda jema la kustahili kila raha. Vyote vilikuja bila kustahili. Kwa hiyo, anasema, mtu huweza kuachwa katika maumivu pasipo dhambi kuwa sababu.

Mnaona alichokifanya? Amechukua fundisho la bakora, lile la askofu mkuu na la wachapa mijeledi, akalipima ndani ya nafsi yake kwa muda wa dakika chache, na kipimo kimekataa. Hakutoa hoja dhidi ya wahubiri. Alionja maumivu na raha zikija kwa zamu haraka kuliko mtu anavyoweza kukosea. Hakuishia hapo. Baadaye anasema kwamba katika yote aliyoonyeshwa alitafuta hasira ndani ya Mungu na hakuiona. Hasira ipo, anasema, lakini iko upande wa binadamu, na Mungu ndiye anayeipoza ndani yetu. Kwa mwanamke wa karne ya 14, mwanamke aliyejiita asiye na elimu, neno hilo lilikuwa zito sana.

La pili ni la 13, na hapo ndipo linapotoka neno lake maarufu, kwamba hatimaye mambo yote yatakuja kuwa mema. Huenda umeliona limechapwa kwenye vikombe na kadi za salamu. Walioliweka kwenye vikombe walilikata kutoka kwenye ugomvi, na bila ugomvi huo neno halina ladha yake.

Ugomvi wenyewe ni huu. Juliana anasema kwa muda mrefu alikuwa akijiuliza kwa nini Mungu, kwa hekima yake ya kuona mbele, hakuizuia dhambi isianze. Angeizuia, kila kitu kingekuwa salama. Anajibiwa kwamba dhambi ilikuwa na nafasi yake, ilipasa kuwepo, na kwamba hata hivyo yote yatakuwa mema. Na kwake dhambi maana yake ni pana: anajumlisha kila kisicho chema, pamoja na maumivu yote ya mwili na ya roho ambayo viumbe vimepata au vitapata. Kisha anaongeza jambo geni. Anasema dhambi yenyewe hakuiona. Haina umbo, haina kitu ndani yake, haijulikani isipokuwa kwa maumivu inayoyaleta.

Mtu mwingine angesujudu na kushukuru hapo. Juliana akabisha. Akauliza itakuwaje mambo yote yawe mema, ilhali viumbe wamepata madhara makubwa namna hii? Akajibiwa kwamba dhambi ya Adamu ndiyo iliyokuwa dhara kubwa kuliko yote, na limekwisha kurekebishwa, kwa hiyo madogo nayo yatarekebishwa. Akabisha tena: Kanisa linafundisha kwamba wengine watapotea milele, wakipotea, yote yatakuwaje mema? Akajibiwa kwamba lisilowezekana kwake linawezekana kwa Mungu, na kwamba siku ya mwisho litatendwa tendo kubwa ambalo hakuna kiumbe anayelijua litakuwa nini. Akaomba aonyeshwe jehanamu na toharani. Hakuonyeshwa. Akamwulizia mtu mmoja aliyempenda, kama ataendelea katika njia njema. Hapo hakupata jibu lolote. Alielewa tu, kama anayeelezwa na rafiki, kwamba achukue lile la jumla, asing'ang'anie la mmoja.

Ninaposoma sehemu hii najiuliza ni nani yule aliyemwulizia. Hakumtaja jina. Lakini hapo ndipo kila mfiwa alipo: hakuna anayelia kwa ajili ya ulimwengu kwa jumla, kila mtu ana mmoja wake. Na juu ya mmoja, Juliana anaandika waziwazi kwamba alinyimwa. Angeweza kutunga jibu, wala hakuna ambaye angemkamata.

Kwa hiyo jibu lina sehemu mbili, anasema. Moja iko wazi nayo ni yetu: wokovu. Nyingine imefungwa, ni shauri la mfalme, na mtumishi mwenye adabu hachungulii shauri la mfalme. Na hapo, kwa kweli, mwanafalsafa atasema tumerudi pale pale: hujui, basi tulia. Kama Juliana angeishia hapo nisingewaletea habari zake. Kitabu chake cha kwanza, kifupi, alichokiandika kabla ya kile kirefu, kiliishia karibu na hapo. Kuna ono moja, la tatu kati ya yale niliyoahidi, ambalo hakuthubutu kuliweka ndani yake, kwa sababu hakulielewa. Alikaa nalo miaka 20 kasoro miezi mitatu, ndivyo anavyohesabu mwenyewe, ndipo akaliweka katika kitabu kirefu. Ni sura ya 51, ndefu kuliko sura zote, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Kuna bwana ameketi kwa utulivu na amani. Mbele yake amesimama mtumishi kwa adabu, tayari kutumwa. Bwana anamtazama kwa upole na kumtuma mahali fulani. Mtumishi haendi tu, anatoka mbio, kwa sababu anampenda bwana wake na anatamani kutimiza alichotumwa. Katika mbio zile anatumbukia korongoni na kuumia vibaya. Anaugua, analia, anajinyonganyonga, hawezi kusimama wala kujisaidia kwa namna yoyote.

Juliana anayahesabu maumivu ya mtumishi kama muuguzi anayeandika cheti. Kwanza, michubuko na mavilio ya kuanguka. Pili, uzito wa mwili wake. Tatu, udhaifu uliofuata. Nne, akili yake imepofuka na kuduwaa kiasi kwamba amekaribia kusahau hata upendo wake mwenyewe. Tano, hawezi kuinuka. Sita, na hili anasema lilimshangaza, yuko peke yake: alitazama huku na huku, juu na chini, hakuona msaada. Saba, mahali penyewe ni parefu, pagumu, pa kutesa. Lakini juu ya yote saba anaweka moja analoliita dhara kubwa kuliko yote: mtumishi hawezi kugeuza uso akamwona bwana wake, ambaye yuko karibu sana naye. Kwa kutomwona, anayashughulikia maumivu yake tu.

Juliana akatazama kwa makini aone kama bwana atamlaumu. Hakuona lawama. Mtumishi alianguka kwa sababu ya nia yake njema na shauku yake kubwa. Na bwana anasema kwa haki: mtumishi ameumia kwa ajili ya upendo wake kwangu, je, si nimfidie kwa zawadi iliyo bora kuliko uzima aliokuwa nao kabla?

Kwa nini ilimchukua miaka 20? Kwa sababu hadithi haikukubaliana na mafundisho. Alijua kwamba mtumishi ni Adamu, na Adamu, kwa fundisho alilolelewa nalo, aliasi. Hakutoka mbio kwa upendo, alikula alichokatazwa. Sasa mbona huyu wa kwenye maono hana hatia? Juliana aliambiwa aangalie kila kitu alichoonyeshwa, hata vile alivyoviona havina maana: rangi, mavazi, mahali. Akaanza kuangalia. Bwana hakukaa kwenye kiti cha enzi, amekaa ardhini, mahali pakavu pasipo kitu. Vazi lake ni pana, la buluu. Mtumishi amevaa kanzu nyeupe, moja tu, kuukuu, iliyobadilika rangi kwa jasho, yenye kubana, fupi, inayoishia chini kidogo ya goti, karibu kuchanika. Ni nguo ya kibarua. Na kazi aliyotumwa ni ya bustani: kulima, kuchimba mitaro, kupindua udongo, kumwagilia, mpaka apate chakula cha kumwandalia bwana.

Kutoka kwenye ile nguo ya kibarua ndipo Juliana alipofumbuliwa. Mtumishi ni wawili kwa pamoja. Ni Adamu, yaani binadamu wote, na ni Kristo. Adamu alipoanguka, Mwana wa Mungu alianguka pamoja naye, akatumbukia katika tumbo la Mariamu. Kuanguka ni kumoja. Kwa hiyo bwana anapomtazama binadamu korongoni hamwoni peke yake. Lawama imetoweka kwa sababu hakuna tena mtumishi aliyetengwa ambaye ungeweza kumlaumu. Ndiyo maana hata bwana ameketi udongoni: anasubiri hapo mpaka kibarua wake arudi.

Mwislamu anayenisikiliza hawezi kunifuata katika hatua hii ya mwisho, kwa sababu imejengwa juu ya Mungu kuwa mtu, na hilo kwake halipo. Ni haki yake. Lakini naye ana mzee wake katika shauri hili, na kumweka kando ya Juliana kunasaidia kuona vizuri. Imamu Ghazali aliacha ualimu wake Baghdad mwaka 1095, akashika njia ya masufi, na katika miaka hiyo akaandika Ihya, kitabu kinachojulikana vizuri na masheikhe wetu wa mwambao. Katika mlango wa tauhidi na kumtegemea Mungu anasema kwamba haiwezekani kuwa na ulimwengu bora kuliko huu ulivyo. Kama ungewezekana na Mungu akauzuia, huo ungekuwa ubahili. Na kama hakuweza, huko ni kushindwa. Na yeye ametakasika na vyote viwili. Maumivu yana nafasi yake, kwa maana bila ugonjwa mzima asingeijua ladha ya uzima. Neno hilo liliwachokoza wanazuoni kwa karne nyingi. Karne ya 15 al-Biqai aliandika kulipinga na al-Suyuti akaandika kulitetea. Wapinzani waliona kwamba linamfunga Mungu mikono: je, hawezi kufanya bora zaidi akitaka?

Tofauti ninayoiona kati ya wawili hawa ni wakati. Ghazali anasema ulimwengu ni mwema sasa hivi, kama ulivyo, na tatizo liko kwenye macho yetu yasiyoona mpangilio wote. Hapa Juliana hasemi kwamba mambo ni mema. Anasema yatakuwa. Kwa sasa mtumishi yuko korongoni, anaumia kweli, na korongo ni korongo. Jambo pekee analolisema juu ya sasa ni kwamba bwana yuko karibu na hajakasirika. Ghazali ana mantiki iliyo imara zaidi. Kwa mtu aliyekaa mkekani leo, nadhani Juliana amesema kidogo zaidi na kwa hiyo amekosea kidogo zaidi. Maneno yetu ya msibani, kazi ya Mungu haina makosa, ni ya Ghazali kuliko yalivyo ya Juliana, ingawa wengi wanaoyasema hawajawahi kumsikia.

Je, Juliana ametosha? Kwangu mimi kuna mahali hapatoshi, nami nitapaonyesha. Ile fidia. Bwana anasema mtumishi atapewa zaidi ya ambacho angepata bila kuanguka. Yule mwandishi wa Kirusi, Dostoyevski, katika riwaya ya ndugu Karamazov iliyotoka mwaka 1880, alimweka Ivan aseme kwamba hakuna raha ya mbeleni inayoweza kulipia chozi la mtoto mmoja anayeteswa, na kwamba yeye anarudisha tiketi yake kwa heshima zote. Sioni mahali Juliana anapomjibu Ivan. Isitoshe, mtumishi wake aliumia akiwa mbioni kutii. Kuna maumivu yasiyo na mbio ndani yake: mtu aliyelala nyumbani kwake, wakaja watu wenye silaha usiku. Unaweza kuliingiza hilo katika hadithi ya korongo, lakini utaisukuma.

Alichokipata, nadhani, ni kutenganisha vitu viwili ambavyo mtu mwenye maumivu huviona kama kimoja: kuumia na kuachwa. Mtumishi anaamini ameachwa kwa sababu shingo haigeuki. Juliana hasemi shingo ingegeuka kama angekuwa na imani zaidi. Anasema imeumia, ni sehemu ya majeraha. Yule asiyeweza kusali kwenye msiba wake hana dhambi ya kutosali, ana jeraha la shingo. Mahubiri ya siku zile hayakuwa na nafasi ya kusema hivyo, na mahubiri mengi ya siku zetu bado hayana. Mafundisho haya huharibika pale yanapotumika kumnyamazisha mtu: ukisikia mtu anamwambia mgonjwa kwamba yote yatakuwa mema ili mgonjwa aache kulalamika, jua amechukua maneno ya Juliana na kuacha mabishano yake. Yeye mwenyewe alilalamika kwa Mungu sura baada ya sura.

Swali linalobaki ni jinsi alivyoyatumia maono yake. Wakati fulani baada ya maono alijifungia katika chumba kimoja kilichojengwa kwenye ukuta wa kanisa la Mtakatifu Juliani, akaishi humo maisha yake yote. Kwa desturi ya watawa wa namna hiyo chumba kilikuwa na dirisha la kuangalia altare, na jingine la kuzungumzia na watu, lenye pazia. Wosia za watu waliomwachia fedha zinaonyesha kwamba bado alikuwa hai mwaka 1416. Na tuna habari za mtu mmoja aliyefika dirishani pake, mnamo mwaka 1413. Ni Margery Kempe, mke wa mtu kutoka mji wa Lynn, mama wa watoto 14, ambaye baada ya uzazi wa kwanza alirukwa na akili miezi kadhaa, na baadaye akawa analia kwa sauti kanisani mpaka watu wakamchoka. Alikuja kuuliza kama machozi yake na sauti alizozisikia vilitoka kwa Mungu au vilikuwa udanganyifu. Baadaye alisimulia mazungumzo hayo katika kitabu chake mwenyewe.

Juliana alikaa naye siku nyingi. Alimwambia asifuate sauti yoyote inayomtaka atende kinyume cha upendo kwa binadamu wenzake, kwa sababu Roho wa Mungu haagizi hivyo. Alimwambia machozi yake yanaweza kuwa ya Mungu. Alimwambia asiogope maneno ya watu. Katika simulizi nzima ya Margery hakuna korongo, hakuna bwana wa vazi la buluu, wala lile neno la vikombe. Wakati huo Juliana alikuwa ameishi na maono yake miaka 40, na kwa jinsi Margery anavyosimulia, hakumgusia mgeni wake hata moja.